Gharama imepanda, na faida nayo imepanda?

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako aliyevishauri vikundi vya kuweka na kukopa kupima kila mradi kwa IRR, yaani kiwango cha ndani cha faida, kisha kuchagua wenye asilimia kubwa. Kwa duka, bodaboda au ng'ombe wa maziwa sina ugomvi naye. Huko unatoa pesa mwanzoni, halafu unapokea mpaka mwisho. Ugomvi wangu ni kwa miradi ambayo pesa hutoka, huingia, kisha hutoka tena. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi kimoja hapa Moshi, na niliyoyaona ukumbini siku hiyo sijayasahau.

Tuliletewa wazo la kukodi eneo upande wa Himo, tuchimbe moramu na kumuuzia mkandarasi wa barabara. Hesabu yake ilikuwa fupi. Leo tunatoa milioni 100: kodi ya eneo, vibali, kukodi kijiko, kutengeneza njia ya matipa. Baada ya mwaka mmoja, mauzo yakishaondolewa mafuta na vibarua, tunabaki na milioni 265. Mwaka wa pili hakuna mauzo tena, kuna deni la shimo: kulifukia, kurudisha udongo wa juu uliowekwa kando, kupanda miti na kumlipa mwenye shamba fidia yake. Hiyo ilikadiriwa milioni 168.

Kijana wetu wa hesabu aliweka namba tatu kwenye kompyuta yake, moja chini ya nyingine, na ukutani tukaona hivi:

```
B2   -100
B3    265
B4   -168
=IRR(B2:B4)   5%
```

Watu waliguna. Wanachama wetu tunawakopesha kwa asilimia 15 kwa mwaka, nani ahangaike na vumbi la Himo kwa asilimia 5? Mzee mmoja alikwisha chukua kofia yake. Ndipo fundi aliyepima eneo akasimama, akasema kwa haki kabisa kwamba gharama ya kufukia ilikadiriwa chini, tuandike milioni 175. Kijana akafuta 168, akaandika 175. Asilimia 5 ikageuka kuwa asilimia 25.

Ukumbi ulipiga makofi. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango ndiye pekee aliyeuliza, taratibu kabisa: "Mwanangu, gharama imeongezeka milioni saba, na faida nayo imeongezeka?" Kijana alirudia fomula mara mbili, jibu likawa lilelile. Hakuwa amekosea kuandika. Kompyuta pia haikuwa mbovu.

Tukumbuke IRR ni nini. Ni ile riba ambayo, ukiitumia kupunguza pesa za miaka ijayo ziwe thamani ya leo, zinazoingia na zinazotoka hulingana na kubaki sifuri. Ukitoa mara moja kisha ukapokea tu, riba ya namna hiyo ni moja. Lakini namba zetu zilianza na kutoa, zikaja kuingia, zikarudi kutoa. Alama imebadilika mara mbili, na hapo riba zinazoleta sifuri zinaweza kuwa mbili, au isiwepo hata moja. Kanuni hii ya kuhesabu mabadiliko ya alama ni ya mwanahisabati Mfaransa Descartes, ya mwaka 1637, kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuonywa mapema.

Kwa gharama ya milioni 168, majibu ni asilimia 5 na asilimia 60. Kwa milioni 175, ni asilimia 25 na asilimia 40. Kompyuta haikuonyesha yote mawili kwa sababu fomula ya Excel hutafuta jibu kwa kukisia na kusogea. Usipoipa pa kuanzia, huanzia asilimia 10 na kusimama kwenye jibu la kwanza inaloliangukia. Nilipofika nyumbani nilijaribu kuipa kisio la nusu kwa zile namba za kwanza:

```
=IRR(B2:B4, 0.5)   60%
```

Yaani mradi uleule uliomfanya mzee ashike kofia ungeweza kutangazwa kwa asilimia 60, bila mtu kusema uongo hata mmoja. Na fundi angesema milioni 176 badala ya 175, kompyuta ingetoa `#NUM!`, kwa maana hakuna riba yoyote inayoleta sifuri. Milioni moja tu ya udongo, na asilimia yote imeyeyuka.

Ila kujua kwamba majibu ni mawili hakutoshi. Mimi nilielewa siku nilipoifuata pesa yenyewe mwaka kwa mwaka, kama inavyofuatwa kwenye daftari la mkopo. Chukua ile asilimia 25 iliyopigiwa makofi. Tumetoa milioni 100. Kwa asilimia 25, mwisho wa mwaka tunaudai mradi milioni 125. Zinaingia milioni 265, tunajilipa 125, zinabaki 140. Hizi 140 si faida, ni pesa zinazosubiri shimo. Mwaka unaofuata zinahitajika 175, na ili 140 ziwe 175 lazima zizae asilimia 25 zikiwa zimekaa zinasubiri. Ukitumia asilimia 40 ni vivyo hivyo: tunajilipa 140, zinabaki 125, nazo lazima zizae asilimia 40 ili zifike 175.

Sasa mwandishi wako anionyeshe benki ya Moshi inayopokea akiba ya mwaka mmoja na kurudisha robo juu yake. Sisi tuliambiwa asilimia 8.

Kumbe ndiyo maana gharama ilipopanda, asilimia nayo ilipanda. Baada ya mwaka wa kwanza mradi haukuwa tena unadaiwa nasi, sisi ndio tulikuwa tunadaiwa na shimo. Tulikuwa tumeshika pesa ya watu. Deni la mwisho likikua, pesa iliyoshikwa inatakiwa izae zaidi ili itoshe, na kompyuta inaandika kiwango hicho kwa jina lilelile la faida. Katika nusu ya kwanza ya mradi asilimia ile ni mapato ya aliyekopesha. Katika nusu ya pili ni riba ya aliyekopa. Namba moja imebebeshwa kazi mbili zinazovutana, halafu tunataka tuisome kama moja.

Jambo hili si geni kwa wenye fani. Mwaka 1955 Lorie na Savage wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa mfano wa pampu ya mafuta: unaongeza 1,600 kununua pampu kubwa, unapata 10,000 mapema kwa kuwa mafuta yanatoka haraka, kisha mwaka unaofuata unakosa 10,000 ambazo pampu ndogo ingekuletea. Majibu yake ni asilimia 25 na asilimia 400. Kwetu huku pampu imekuwa kijiko, ila hesabu ni ileile.

Wapo watakaosema basi tuache IRR, tutumie thamani halisi ya sasa, yaani tuchague riba wenyewe, tupunguze nayo pesa zijazo ziwe za leo, kisha tujumlishe tuone zinabaki ngapi. Nakubali, lakini si kwa macho yaliyofumbwa. Kwa riba yetu ya asilimia 15, mradi wenye gharama ya milioni 168 unatoa ziada ya milioni 3.4 kwa thamani ya leo. Wenye gharama ya 175 unatoa hasara ya milioni 1.9. Angalau hapa gharama ikipanda hali inakuwa mbaya, kama akili inavyotaka. Ila ile ziada ya milioni 3.4 nayo imejengwa juu ya dhana kwamba pesa ya shimo, ikisubiri, itazaa asilimia 15. Kama kweli unaweza kuwakopesha wanachama wako pesa hiyo mwaka mzima na wote wakarudisha siku ya kufukia shimo, sawa. Mimi nimewahi kukusanya marejesho mwezi wa Januari, wakati wa ada za shule. Siwezi kuiweka pesa ya shimo huko.

Kwa hiyo nilifanya kama mama anavyofunga ada kwenye kitambaa kabla hajaenda sokoni. Nilianza na deni la mwisho. Ili zipatikane milioni 168 kwa riba ya benki ya asilimia 8, lazima milioni 155.6 zifungiwe siku ile ile mauzo yanapoingia, kwa akaunti ya muda maalumu ambayo hakuna wa kuigusa. Katika 265 zinabaki 109.4. Hizo ndizo zetu. Tumetoa 100, tumepata 109.4 baada ya mwaka, na sasa alama zimebadilika mara moja tu, jibu ni moja: asilimia 9.4. Si 5, wala si 60.

Kwa gharama ya milioni 175, za kufungia ni 162, zinabaki 103. Mradi uliopigiwa makofi kwa asilimia 25 unalipa asilimia 3.

Njia hii nayo ina udhaifu wake. Asilimia 8 ni ya benki yetu kwa mwaka ule, ukiibadilisha jibu linabadilika. Na gharama ya shimo ni makadirio ya mtu, mvua za masika zinaweza kuiongeza. Lakini hapa kila dhana iko wazi mezani na mwanachama anaweza kuiuliza. Kwenye IRR ilikuwa imejificha ndani ya jibu.

Nakuomba, Mhariri, mwandishi wako atakapoandika tena kuhusu miradi ya machimbo, ya mashamba ya kukodi yanayotakiwa kurudishwa yalivyokuwa, au ya mitambo yenye ukarabati mkubwa katikati, achapishe safu yenyewe ya pesa pamoja na alama zake za kujumlisha na kutoa. Msomaji ahesabu mwenyewe zimegeuka mara ngapi.

Mkutano wa pili tulikaa saa moja tu. Niliandika 162 ubaoni kwa chaki, nikaizungushia duara, nikasema hizi si zetu. Mama wa karibu na mlango akauliza zetu ni ngapi, nikaandika 103. Kura zilikuwa 14 za kukataa na 9 za kukubali. Mzee wa kofia alikuwa miongoni mwa wale 9. Alisema asilimia 25 aliiona kwa macho yake.

Mweka hazina mstaafu,
Majengo, Moshi