Kabla hujaweka riranka, soma zile 20

Mambo kaka,

Meseji yako niliiona tangu juzi ila hii kitu haielezeki kwa voisi ya dakika mbili, ndo maana nimekaa chini nikuandikie. Unasema boti yako ya nyaraka za wafanyakazi ukiiuliza Kiingereza iko poa, ukiiuliza Kiswahili inababaisha, na sasa unataka kuweka riranka. Subiri kwanza. Mimi nilianza na riranka nikapoteza wiki nzima.

Swali lililonitoa jasho lilikua hili: "nimejifungua mapacha napata siku ngapi?" Boti ikajibu siku 84, bila hata aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema 84 ni kwa mtoto mmoja, wakizaliwa zaidi ya mmoja kwa mpigo ni siku 100 za malipo, na hiyo 100 kwenye mwongozo wetu imeandikwa kabisa. Nikavitoa vile vipande 20 vinavyoletwa na utafutaji kabla modeli haijaandika chochote, nikavisoma kimoja kimoja kwa macho. Vingi vinataja 84, chenye 100 hakimo! Sasa riranka kazi yake ni kupanga upya alicholetewa, jibu lisipokuwemo humo ndani atakupangia takataka kwa ustadi tu.

Kumbe nilikua nakata vipande vya tokeni 800 wakati modeli yangu ya vekta, `multilingual-e5-large`, mwisho wake ni tokeni 512, zinazozidi inazitupa kimyakimya haitoi hata onyo. Kile kipande kilianza na likizo ya mwaka, ikafata ya ugonjwa, mapacha wako mkiani huko, kwahiyo vekta yake haikuwajua kabisa. Na Kiswahili kinakula tokeni nyingi kuliko Kiingereza kwa maana ileile, neno kama "atakayejifungua" linakatwakatwa, hivyo usihesabu maneno, hesabu kwa tokenaiza ya modeli yenyewe:

```python
len(tok("passage: " + kipande)["input_ids"])
```

(Hiyo `passage: ` usiisahau, na swali linaanza na `query: `, e5 ilifundishwa hivyo.) Nilishuka mpaka 120 nikaona nimeharibu zaidi, unapata kipande kinasema "siku 100" hujui za nini. Nimetulia kwenye 300 hivi, nakata panapoisha kifungu, na kila kipande nakibandikia kichwa cha sura yake juu.

Mbali na vekta natafuta pia kwa maneno yenyewe. Upande huo wa maneno natumia Postgres, na hapa najua na wewe umenasa. `websearch_to_tsquery` inaunganisha maneno yote kwa "na", yaani kipande lazima kiwe na nimejifungua NA mapacha NA napata NA siku NA ngapi. Nani anaandika mwongozo hivyo? Majibu sifuri, nusu ya mfumo wako imelala na hujui. Badilisha iwe "au", toa maneno ya kujazia kama ya, na, ngapi. Halafu Postgres haina kikata viambishi cha Kiswahili, ukiweka `simple` basi "nimejifungua" na "aliyejifungua" kwake ni wageni wawili hawajawahi kuonana, na "uzazi" haitakaa ikutane na "maternity". Nikatengeneza kijikamusi cha jozi kama 60 hivi, uzazi na maternity, kiinua mgongo na gratuity, swali likiingia naongezea mwenzake. Kazi ya mkono inachosha ila ndo iliyonisaidia kuliko vyote.

Kuunganisha orodha mbili usijumlishe alama, mizani ni tofauti. Tumia nafasi, 1/(60 + nafasi). Kipande kikiwa cha 2 kwa vekta na cha 5 kwa maneno kinapata 1/62 + 1/65, kama 0.0315, kilichoongoza vekta peke yake kinabaki na 1/61, yaani 0.0164. Ndo mapacha wangu walivyopanda.

Hapo sasa ndo weka riranka. `bge-reranker-v2-m3` inasoma swali na kipande kwa pamoja, ni nzito bila GPU, mpe 20 asizidi. Kwangu swali la Kiswahili lilikua linavipendelea vipande vya Kiswahili hata jibu likiwa kwenye cha Kiingereza, kwahiyo kila swali la jaribio ninalo kwa lugha zote mbili, nauliza mambo mawili tu: jibu limo kwenye 20? limo kwenye 3 za juu? La kwanza likiwa hapana rudi kwenye vipande na maneno, riranka usiiguse.

Nitumie maswali kumi yanayokusumbua pamoja na zile 20 za kila moja, Jumamosi sina kazi nitayapitia. Na ile chaja yangu bado unayo wewe.

Wako yuleyule