Nani hasa yuko juu ya hii kampuni? Jibu limo kwenye maelezo ya hesabu

Wateja wengi wanaotuletea hesabu za kampuni wanayotaka kufanya nayo biashara huwa washapitia faida na mizania, linalobaki ni swali moja tu, huyu mwenye kampuni hasa ni nani? Na mara nyingi jibu limo humo humo kwenye faili walilotuma, nyuma kule kwenye kurasa za maelezo ambazo watu wanaziruka. Kampuni inayofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu inabanwa na IAS 24 aya ya 13: itaje kampuni mama yake, na kama aliye juu kabisa ni mwingine, naye atajwe. Huyo wa juu kabisa ndo sisi tunamwita mdhibiti wa mwisho, na anaweza kuwa kampuni au mtu wa kawaida.

Kumtafuta, fungua PDF, bonyeza Ctrl+F uandike `controlling party`, ikigoma jaribu `ultimate parent`. Ikileta sufuri usiamini haraka, jaribu kwanza kuchagua neno moja kwa mausi, likikataa kushikika ujue ukurasa umeskaniwa, ni picha tu, kompyuta haioni herufi, hapo itabidi usome kwa macho. Anza na maelezo ya kwanza, yale ya taarifa za jumla, alafu rukia mwishoni kwenye miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni.

Sasa kuna mteja alituletea hesabu za kampuni moja, tuiite A. Aya ilikuwa fupi, mistari minne, lakini ina majina matatu: B ndo kampuni mama, C ndo kampuni ya juu ya kundi na ndo inayotoa hesabu za kundi zima, alafu mstari wa mwisho kabisa jina la mtu. Mteja aliishia kwa C akaandika kwenye fomu yake kwamba C ndo mwisho. Ni kosa tunalokutana nalo sana, maana neno "ya juu" linamfanya mtu aone kafika, kumbe C ni kampuni tu na kuna mtu anayeishika.

Tulipomwonyesha akabisha, na alikuwa na hoja. Alikuwa na orodha za wanahisa: yule mtu ana 60% ya C, C ina 70% ya B, B ina 80% ya A. Akazidisha zote akapata 33.6%, akasema mtu wa theluthi moja anadhibiti vipi? Hesabu yake iko sawa kabisa ila inajibu swali lingine. Hiyo 33.6% ni fungu lake la faida ya A ikishapanda ngazi zote. Udhibiti hauzidishwi, unafuatwa ngazi kwa ngazi: kwa kura 60% anaamua C ifanye nini, C kwa 70% inaamua kuhusu B, B kwa 80% inachagua wakurugenzi wa A, kwa hiyo kwenye kila ngazi neno la mwisho linarudi kwake. Mnyororo ungekatika kama ngazi moja ingekuwa na 40% tu huku mwingine ana 60%, au kama kuna mkataba wa wanahisa unaodai lazima wote wakubali, ndo maana huwa tunauliza na hisa zina kura ngapi.

Saa ingine utakuta sentensi inasema hakuna mdhibiti wa mwisho. Inaweza kuwa kweli tupu, mfano wawili wana 50% kwa 50% na hakuna anayemzidi mwenzake. Lakini kama mmoja ana 48% na zilizobaki zimetawanyika kwa maelfu ya watu wenye chini ya 1% kila mmoja, hapo uliza tena, maana IFRS 10, kiwango cha hesabu za kundi, yenyewe ina mfano wa namna hiyo na inasema huyo wa 48% anadhibiti.

Kitu kingine ni tarehe. Aya inaweza kuwa ya mwaka ulioishia 31 Desemba, hisa zikauzwa Machi, kwa hiyo soma na maelezo ya matukio ya baada ya tarehe ya mizania alafu linganisha na daftari la msajili la leo. Ila daftari la wamiliki halisi likileta jina zaidi ya moja usishtuke, nchi nyingi zinaandikisha kuanzia 25%, kwa hiyo mwenye 30% anaweza kuwemo kwenye daftari na bado asidhibiti chochote.

Ukitutumia kazi, tuma ripoti nzima hadi ukurasa wa mwisho pamoja na orodha ya wanahisa ya kila kampuni iliyotajwa kwenye hiyo aya, kama unazo. Ikikosekana ya B tu, hatuwezi kukwambia mnyororo umefika juu.