Nilimruhusu atumie kitabu changu, chuo kinasema ameiba: niandike barua gani?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Ujiji. Naombwa kuandika barua kwa kamati ya nidhamu ya chuo kimoja cha ualimu huko Tabora, na kamati inakaa mwisho wa mwezi huu. Kuandika si kazi ngeni kwangu. Kinachonishinda ni nini niseme ambacho ni kweli na wakati huohuo kitamfaa kijana aliyeniomba.

Mwaka 2006 nilichapisha kwa fedha zangu kijitabu kuhusu Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, na watu waliofanya kazi ndani yake. Mpiga chapa wa mjini Kigoma nilimlipa ujira wa kuchapa tu, hivyo hakimiliki ilibaki kwangu hadi leo. Mwaka huu kijana wa jirani yangu, ambaye nimemwona akikua, alinitumia ujumbe kwenye simu: “Shikamoo Mwalimu. Naomba kutumia sehemu ya kitabu chako kwenye asaimenti yangu ya historia.” Nikamjibu: “Marahaba mwanangu. Tumia utakavyo.” Nilimaanisha hivyo, na sijabadili mawazo.

Katika ukurasa wa 17 wa kijitabu kile niliandika maneno haya: “Meli ilizamishwa mwaka 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini walioizamisha walikwisha kuipaka mitambo yake grisi nene. Fundi mmoja wa injini aliniambia kuwa baba yake, aliyeshuhudia meli ikiinuliwa mwaka 1924, alisimulia jinsi walivyoikwangua grisi ile kwa vijiti wakakuta chuma chini yake bado kinang’aa.” Kijana alichukua kifungu hicho na ukurasa mzima unaofuata, neno kwa neno. Hakuweka alama za kunukuu. Jina langu halimo ndani ya kazi yake, wala kijitabu changu hakimo katika orodha ya marejeleo, ingawa vitabu vingine viwili vimo.

Mkufunzi wake hakuhitaji mtambo wowote kuligundua hilo. Alisoma “fundi mmoja wa injini aliniambia”, akamwita kijana na kumuuliza: huyu fundi ni nani, ulizungumza naye lini, na daftari la mahojiano liko wapi? Fundi yule alifariki mwaka 2011, kijana akiwa bado mtoto. Jibu halikupatikana, shauri likafunguliwa.

Alipokuja kwangu na mama yake alikuwa na hoja moja, na anaiamini kwa dhati. “Mwalimu, ruhusa ninayo hapa kwenye simu. Mwenye mali hajalalamika. Sasa nimemwibia nani?” Anataka niandikie kamati kwamba nilimruhusu. Mama yake akaongeza, kwa upole wa mzazi aliyekosa usingizi, kwamba ingekuwa vizuri zaidi nikisema kifungu kile tulikiandika pamoja.

Nimelifikiria swali la kijana kwa makini kwa sababu si swali la kipuuzi. Shida ni kwamba amechanganya deni la watu wawili tofauti. Hakimiliki ni haki yangu mimi niliyeandika. Inanipa uwezo wa kuruhusu au kukataza watu kunakili kazi yangu, kuisambaza au kuiuza, na kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inadumu maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kifo changu. Kwa kuwa ni yangu, naweza kusamehe. Nikisema “tumia”, basi kwa upande huo hana kosa nami, na hakuna atakayekwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kumshtaki kwa niaba yangu.

Kutaja chanzo katika kazi ya chuo ni deni kwa msomaji, na hapa msomaji ni mkufunzi anayesahihisha. Yeye anapima uwezo wa mwanafunzi wa kukusanya habari, kuzipima na kuzieleza. Atawezaje kutoa alama kama hajui sentensi ipi ni ya mwanafunzi na ipi ni ya mzee wa Ujiji? Mimi siwezi kulisamehe deni ambalo hakuna anayenidai wala ninayemdai. Nilimweleza mama hivi: nikimwazima kijana mtumbwi wangu akavulie, hakuna wa kumwita mwizi, lakini akiupeleka kwa fundi anayemfundisha uchongaji na kusema ameuchonga yeye, idhini yangu haibadilishi ukweli wa mikono iliyouchonga.

Kinachonisikitisha zaidi ni hiki: ruhusa aliyoiomba hakuihitaji kwa jambo alilotaka kulifanya. Sheria ileile inaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kuchapishwa bila kumwomba mwenyewe, mradi nukuu iwe ya haki, isizidi kiasi kinachohitajika kwa kusudi lake, na chanzo pamoja na jina la mwandishi vitajwe. Angeweka sentensi zile mbili ndani ya alama za kunukuu, kisha kwenye mabano akaandika jina langu la ukoo, 2006, uk. 17, na mwishoni akakiweka kijitabu katika marejeleo, asingekuwa na kesi hata kama hajawahi kunisalimia. Alibisha hodi katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi, akaacha kufanya lile moja lililompasa.

Aliniuliza pia kama angepona kwa kubadilisha maneno. Kwa upande wa hakimiliki huenda, kwa sababu hakimiliki inalinda namna nilivyoandika, hailindi habari yenyewe. Kwamba meli ilizama mwaka 1916, ikainuliwa 1924 na kurudi kazini kwa jina la Liemba mwaka 1927 si mali ya mtu. Miaka hiyo imo katika vitabu vingi, na mwanafunzi akiitaja hakuna atakayemkaba koo. Lakini habari ya grisi kukwanguliwa kwa vijiti ilitoka kwenye mdomo wa fundi mmoja ikaingia kwenye daftari langu, haikupita kwingine. Hata angeandika, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba “mafundi walitumia vipande vya miti kuondoa mafuta mazito”, msomaji ana haki ya kujua kwamba ushahidi huo unasimama juu ya mtu mmoja aliyemsikia baba yake, na kwamba mimi ndiye niliyeusikia. Mwanahistoria mwingine anaweza kuutilia shaka, na ni halali yake. Jina la chanzo likiondolewa hana pa kuanzia. Ndiyo maana katika kazi ya chuo aliyebadilisha maneno naye hutaja alikotoa habari, ingawa hahitaji alama za kunukuu.

Kinyume chake nacho kipo, na nilimwonyesha. Mtu akikipiga kijitabu changu chote fotokopi, akaandika jina langu kwa herufi kubwa juu yake na kukiuza stendi, amenitaja vizuri sana na bado amenikosea, kwa maana kutaja jina hakuzai ruhusa. Ipo na ramani ya ziwa katika ukurasa wa 9 ambayo alinichorea mwanafunzi wangu wa zamani, akaniruhusu kuitumia ndani ya kijitabu hicho tu. Kijana ameiweka ramani hiyo katika asaimenti yake. Ikibaki mezani kwa mkufunzi kama kielelezo cha masomo, pamoja na jina la mchoraji, sioni tatizo kubwa. Siku chuo kitakapotaka kuiweka kazi hiyo mtandaoni au kuichapa, itabidi mchoraji aulizwe, na “tumia utakavyo” yangu haimfungi yeye kwa lolote, kwa kuwa siwezi kugawa haki ambayo sina.

Sasa nirudi kwenye barua. Kuandika kwamba tulitunga pamoja sitakubali. Ni uongo, na hata ungekuwa ukweli ungemwongezea kosa, kwa sababu kazi ile ilitakiwa kuwa yake peke yake. Nimemwambia mama hivyo uso kwa uso, akanyamaza, na tangu siku ile salamu zetu zimepoa.

Nimeandaa rasimu fupi. Inasema kwamba kifungu kinachoanzia ukurasa wa 17 nilikiandika mimi kutokana na mahojiano niliyofanya mwenyewe. Kwamba kijana aliniomba kukitumia na nikakubali, na nakala ya ujumbe imeambatishwa. Kwamba kwa hiyo sina madai yoyote ya hakimiliki dhidi yake. Na kwamba ruhusa hiyo haikuwa ya kuficha jina langu wala kuyafanya mahojiano yale kuwa yake. Sentensi ya mwisho inasema kuwa kuomba kwake ruhusa kwa maandishi kunaonyesha hakukusudia kunificha mimi, ingawa hakumwonyesha mkufunzi alichopaswa kumwonyesha.

Hapo ndipo ninapokwama, na ndipo ninapohitaji ushauri wako na wa wasomaji waliowahi kukaa katika kamati za namna hii. Barua yangu inathibitisha shtaka. Kabla haijafika, chuo kina mashaka na daftari lisiloonekana. Ikifika, kitakuwa na mwandishi halisi anayetaja ukurasa. Kijana bado hajakiri popote kwamba maneno si yake, amejibu tu kwamba “anayo ruhusa”. Je, nimtake kwanza aandike maelezo yake mwenyewe, aoneshe sentensi kwa sentensi alichochukua, aambatishe kazi iliyosahihishwa yenye nukuu na marejeleo, kisha barua yangu ifuate nyuma ya maelezo hayo? Naona hilo lingempa nafasi nzuri zaidi ya kuomba arudie kazi badala ya kufukuzwa, lakini sijui kama kamati hupokea kazi iliyosahihishwa shauri likiwa tayari limefunguliwa, au huichukulia kama kujitetea kwa kuchelewa.

Na kama atakataa kukiri, niipeleke barua hata hivyo, au nikae kimya mpaka chuo chenyewe kiniulize? Kukaa kimya ni rahisi kwangu, kwani hakuna sheria inayonilazimisha kuandika. Lakini ujumbe wangu wa simu tayari umo mikononi mwa kamati kama utetezi wake, na unasomwa kana kwamba nilibariki kitu ambacho sikukibariki.

La mwisho ni mama yake. Yeye anaamini ninashikilia jina langu kwa sababu ya kiburi cha uandishi. Nimemweleza kwamba jina langu si hoja, kwamba hata kifungu kingekuwa cha mtu aliyekufa miaka 100 iliyopita, ambaye hakimiliki yake imekwisha na hakuna wa kuombwa ruhusa, mkufunzi angetaka kukiona kimetajwa vilevile. Hakunielewa, au hakutaka. Nifanyeje aone kwamba barua ninayotaka kuiandika ndiyo pekee inayoweza kumsaidia mwanawe?

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma