Nyuzi 0.72 juu ya nini?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita jirani yangu, muuza nafaka hapa Tororo, alinijia na nakala mbili za gazeti lenu mkononi, uso umekunjamana. Moja ilisema joto la dunia mwaka 2024 lilizidi kwa nyuzi 1.60. Ya pili, katika habari fupi, ilisema mwaka huohuo lilizidi kwa nyuzi 0.72. "Mzee, hawa watu hata wao hawajui wanachopima," akaniambia.

Nilisoma vipimajoto katika kituo cha hali ya hewa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo hili linaniuma. Nambari zote mbili ni sahihi, tena zimetoka mahali pamoja, idara ya Copernicus ya Ulaya inayofuatilia tabianchi. Wastani wa joto la dunia mwaka ule ulikuwa nyuzi 15.10. Ukitoa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, unabaki na 0.72. Ukitoa wastani wa 1850 hadi 1900, kabla viwanda havijaijaza hewa moshi kama leo, unabaki na 1.60. Joto ni lilelile, kilichobadilika ni kizingiti tunachopimia. Gazeti liliacha maneno machache tu, "juu ya wastani wa miaka fulani", na jirani yangu akaona ametapeliwa.

Nambari ya namna hiyo wataalamu huiita mkengeuko wa joto, yaani umbali kati ya joto lililopimwa na lile lililozoeleka mahali hapo. Kituoni tulikuwa na kisanduku cheupe juu ya miguu minne, kuta zake mbao zilizolala mshazari ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani mlikuwa na kipimajoto cha joto la juu kabisa la siku na kingine cha la chini kabisa. Unajumlisha hayo mawili, unagawa kwa mbili, huo ndio wastani wa siku. Siku za Machi zinatoa wastani wa Machi, na Machi zote za miaka 30 zinatoa Machi ya kawaida. Machi hulinganishwa na Machi, kamwe si na Julai, la sivyo utakuwa unapima majira, si mabadiliko.

Kwa nini tusitangaze joto lenyewe tu? Chukua mfano, kwa nambari nilizozichagua kwa ajili ya hesabu. Machi ya kawaida Tororo iwe nyuzi 24.6, na mwaka huu tumepata 25.5. Kabale, kule juu milimani, kawaida iwe 17.8, na mwaka huu 18.6. Tororo imezidi kwa 0.9 na Kabale kwa 0.8. Watu wa Kabale bado wanavaa makoti na sisi tunatafuta kivuli, lakini miji yote miwili imepanda karibu sawa, na joto lenyewe lisingekuonyesha hilo. Sasa tuseme taarifa ya Kabale haikufika. Ukitumia joto lenyewe, wastani wa vituo viwili uliokuwa 22.05 unaruka hadi 25.5, kana kwamba nchi imeungua kwa usiku mmoja. Ukitumia mkengeuko, unatoka 0.85 kwenda 0.9, basi.

Hata hivyo mkengeuko unaweza kudanganya. Kisanduku kikihamishwa kutoka kwenye nyasi hadi kando ya uwanja wa saruji, vipimo vitapanda na wastani wa zamani utabaki palepale, ndipo utaona ongezeko ambalo hewa ya eneo haikulipata. Dalili yake ni kupanda kwa ghafla, kama ngazi, huku vituo vya jirani vimetulia. Tororo ikiruka kwa nyuzi nzima na Soroti isiruke, kwanza nenda kakikague kisanduku. Ndiyo maana kila kituo huhitaji daftari linaloandika kimehamishwa lini na chombo kipi kimebadilishwa. Daftari hilo likipotea, kusahihisha vipimo vya zamani kunakuwa kazi ngumu mno.

Jirani yangu aliniuliza pia kama 1.60 inamaanisha kila mchana wa Tororo utaongezeka kiasi hicho. Hapana. Huo ni wastani wa dunia nzima, bahari ikiwamo, kwa mwaka mzima, na nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba kila mnapochapa nambari hizi mchape pia miaka ya kulinganishia, ndani ya sentensi ileile. Na kama habari inahusu Uganda, mtaje vituo vilivyotumika, maana mkulima wa Kabale na wa Moroto kila mmoja anataka kujua ni kawaida ya nani inayosemwa.

Msomaji wenu,
Tororo