Umemaliza nusu ya miezi, mbona hujaokoa nusu ya riba?

Lalamiko hili hutufikia ofisini kila mara, na juzi lilikuja kwa sauti ya juu. Mteja wetu anayeuza mitumba Gikomba alikuwa amekopa shilingi 100,000 za miezi 12. Baada ya rejesho la sita alipata zamu yake ya chama, akaja kufunga mkopo. Tulipomwambia salio ni 52,967 akawaka: "Nimewapa zaidi ya 56,000 na bado mnanidai zaidi ya nusu? Mnanila!"

Hatukumla. Tuliketi naye tukapiga hesabu upya kwa karatasi, na hesabu yenyewe ndiyo hii.

Riba yetu ni asilimia 2 kwa mwezi, na hutozwa juu ya salio lililobaki, si juu ya mkopo wa mwanzo. Rejesho ni lilelile kila mwezi, shilingi 9,456. Mwenye kompyuta anaweza kutuhakiki mwenyewe:

```
=PMT(2%,12,-100000)
```

Zidisha kwa 12 upate 113,472. Kwa hiyo riba yote ni 13,472. Mteja wetu aliigawa mara mbili, akatarajia kuokoa 6,736. Lakini riba hailipwi sawasawa kila mwezi. Mwezi wa kwanza unadaiwa laki nzima, kwa hiyo riba ni 2,000 na deni linapungua kwa 7,456 tu. Mwezi wa pili salio ni 92,544, riba inashuka hadi 1,851, na sehemu inayopunguza deni inakua. Kufikia rejesho la sita alikuwa ameshalipa riba ya 9,703. Iliyobaki ilikuwa 3,769, na hiyo ndiyo aliyookoa, hakuna senti tuliyoficha. Riba ya miezi sita ya kwanza ni ya pesa alizokuwa nazo mkononi, akazungusha biashara nazo.

Kinachotuuma ni kwamba angeweza kuokoa karibu kiasi hicho kwa pesa chache kuliko hizo, kama angekuja mapema. Tuseme baada ya rejesho la tatu, salio likiwa 77,182, angeongeza 20,000 za kupunguza deni, kisha aendelee na rejesho lake la kawaida. Angemaliza mwezi wa kumi, rejesho la mwisho likiwa 4,842 tu, na riba aliyookoa ingepita shilingi 3,500. Linganisha: elfu 20 mwezi wa tatu, au karibu elfu 53 mwezi wa sita.

Hapo ndipo watu wengi huharibu. Fundi mmoja wa Kariobangi alituma pesa za ziada kwa nambari yetu ya Paybill bila kusema neno. Mfumo ukazihesabu kuwa marejesho ya miezi ijayo yaliyolipwa mapema. Zikakaa pale zikingoja tarehe zake, salio la kutozea riba likabaki vilevile, na hakuokoa hata shilingi. Yeye aliona ni njia ya mkato ya kukwepa foleni ofisini. Ukituma pesa za ziada, tuandikie siku hiyohiyo kwamba ni za kupunguza deni, ututajie pia kama unataka muda ufupishwe au rejesho lipunguzwe. Kufupisha muda ndiko kunakookoa zaidi. Kisha dai jedwali jipya la marejesho, na ukiona salio halijashuka, rudi ofisini.

Na wale wanaotuambia sisi ni ghali kwa sababu kuna jirani anatoza asilimia 1.5, muulizeni jirani: ya salio, au ya mkopo mzima mpaka mwisho? Mwalimu mmoja wa Kayole alituhama kwa ajili ya hiyo 1.5. Ilikuwa ya mkopo mzima. Kwa laki moja na miezi 12, hiyo ni riba ya 18,000 na rejesho la 9,833, zaidi ya letu. Alipotaka kufunga mwezi wa sita aliambiwa alipe marejesho yote yaliyobaki, shilingi 59,000, bila punguzo lolote, na mkataba aliotia sahihi ulisema hivyo.

Ukiamua kufunga mkopo kwetu, omba barua ya salio la kufunga yenye tarehe, na ulipe kabla tarehe hiyo haijapita. Ukichelewa, riba ya siku zilizoongezeka itabaki ikidaiwa, na akaunti haitafungwa hata kama kilichobaki ni shilingi mia moja. Ada ya kushughulikia mkopo uliyokatwa siku ya kwanza hairudi, kwa hiyo usiihesabu kwenye unachookoa.