Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Kunduchi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, wavuvi mliokubali kuacha nyavu asubuhi hii, na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Mheshimiwa, ulipokuwa unakuja umepita kituo cha Afrikana. Kila siku kondakta wa daladala analitaja jina hilo, na wengi wetu tulidhani ni jina la mtaa tu. Ni jina la hoteli iliyokuwa ufukweni, ambayo bahari iliila hadi ikabaki magofu. Sisi tumezaliwa baada ya hapo, tumekuta jina bila hoteli. Kwa hiyo mwaka huu klabu yetu ilijiuliza swali moja: mchanga uliokuwa mbele ya hoteli ile ulikwenda wapi?

Tulianza na chungwa. Chungwa huelea sehemu yake kubwa ikiwa ndani ya maji, hivyo upepo haulisukumi sana, linafuata maji. Tulilitupa mbele kidogo ya pale mawimbi yanapovunjika, tukatembea nalo kwa dakika tano huku tukihesabu hatua. Mwezi Januari, kaskazi ikivuma, chungwa lilikwenda upande wa kusini, kuelekea mjini. Mwezi Mei, kusi ikiwa imeshika, lilikwenda kaskazini, kuelekea Bahari Beach, na likaenda hatua nyingi zaidi.

Mchanga nao husafiri hivyo hivyo. Wakati wa kusi wimbi haliji limenyooka, linakuja kwa mshazari kutoka kusini mashariki. Likipanda ufukweni hubeba punje ya mchanga kwa mshazari, lakini maji yakirudi huteremka moja kwa moja kufuata mteremko. Punje inapanda upande, inashuka wima, inapanda upande tena, na njia yake inakuwa kama meno ya msumeno. Kila wimbi huisogeza kidogo. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, huurudisha mchanga kusini, lakini kusi huvuma miezi mingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Mwisho wa mwaka hesabu inaegemea kaskazini: mchanga uliotoka ni mwingi kuliko uliorudi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ufukwe wa Kunduchi haujawahi kutulia. Ni kama duka: mchanga unaingia, mchanga unatoka, na ukiuona umejaa ujue tu kwamba mzigo mpya unaletwa. Mzigo wetu huletwa na mito midogo inayoshuka kutoka bara, kama Mto Mbezi na Mto Tegeta. Kiangazi unaweza kuivuka bila kulowa viatu. Masika hugeuka, hushuka kwa kishindo na kumwaga mchanga baharini, nayo mawimbi huupokea na kuugawa kando ya pwani.

Na hapo ndipo lori linapoingia. Mji umejengwa kwa mchanga wa mito hiyo, na hata madarasa tunayosomea yana tofali zake. Hatutaki kujifanya hatuhusiki. Lakini ruhusu tufanye hesabu moja ya mfano. Lori la tani 7 hubeba mchanga wa kama mita za ujazo 4.4. Yakitoka malori kumi tu kwa siku katika mto mmoja, kwa siku 300, ni mita za ujazo 13,200. Utandaze mchanga huo ufukweni kwa upana wa mita 10 na unene wa mita 1, utafika urefu wa zaidi ya kilomita moja na robo. Mchimbaji yuko bondeni, mbali na bahari, haoni wimbi wala mnazi ulioanguka. Naye mwenye nyumba ya ufukweni haoni lori, anaona bahari tu, na anailaumu bahari.

Akishailaumu, anajenga ukuta. Tunaelewa, hata sisi tungejenga. Ila tumekaa mbele ya kuta hizo kwenye maji ya bamvu tukatazama. Ufukweni wimbi hupanda mteremko, nguvu inaisha, maji mengine yananywewa na mchanga, na yanayorudi ni machache na dhaifu. Kwenye ukuta wima hakuna mteremko wala mchanga wa kuyanywa. Wimbi linapiga na kurudi na nguvu zake, na linaporudi linachota mchanga wa miguuni mwa ukuta. Ufukwe unashuka, maji ya mbele yanakuwa na kina, na wimbi linalofuata linafika likiwa kubwa zaidi. Ukuta unaweza kuilinda nyumba kwa miaka, lakini ufukwe wenyewe hauulindi. Zaidi ya hapo, ukuta unapoishia, maji huzunguka ncha na kula kiwanja cha jirani, naye jirani anajenga wake.

Wengine walipanga mawe kwa mstari unaotoka ufukweni kuingia baharini, ili yakamate mchanga unaopita. Yanakamata kweli. Upande wa kusini wa mawe mchanga hujaa, upande wa kaskazini hushuka ukabaki kama ngazi, kwa sababu ule uliokuwa uende huko umezuiwa. Asiyejua akipiga picha upande wa kusini tu atasema mradi umefaulu. Na akija Januari anaweza kukuta pande zimeanza kubadilishana, kwa ajili ya kaskazi. Ndiyo maana hatumwamini mtu anayeupima ufukwe mara moja. Apime mwaka mzima, na apime pande zote mbili za mawe.

Dalili nyingine tumefundishwa na wazee wa hapa: mizizi ya minazi iliyoachwa hewani, ngazi za nyumba ambazo kidato cha mwisho hakigusi tena chini, na mchanga mweusi unaong'aa kama masizi. Huo mweusi una madini mazito. Mawimbi yamechukua mchanga mwepesi na kuuacha wenyewe.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini na mtoni. Watu huitaja sana upande wa bahari. Tunaomba itajwe vilevile mtoni, kwenye mabonde ya kina Tegeta na Mbezi, maana huko ndiko ghala la ufukwe wetu liliko. Pili, kabla ya ukuta mwingine kuruhusiwa, aulizwe mwenye kiwanja cha upande wa kaskazini.

Vipimo vyetu ni vya fimbo mbili za mita 1.5 zilizochorwa sentimita, na kamba ya mita 2 katikati. Tunaanzia kwenye nguzo ya zege ya uzio wa shule. Fimbo moja husimama juu, ya pili mbele yake upande wa bahari. Msomaji hulinganisha kichwa cha fimbo ya mbele na mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, kisha husoma mstari huo unakata wapi kwenye fimbo iliyo karibu naye. Kutoka kichwani mwa fimbo hadi hapo ndiyo kiasi ufukwe ulivyoshuka katika mita zile 2. Halafu fimbo zinasogezwa mbele, hadi majini.

Leo ni bamvu, Mheshimiwa, na maji yatafika mwisho wa kupwa saa nne na ushei. Kipimo cha mwezi huu bado hatujakichukua, tumekusubiri. Kandambili za saizi zote zipo pale mlangoni, na fimbo ya juu tumekuwekea wewe uisome.