Msiite wizi kilicho nusu senti

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka 19 bila kuwaandikia hata sentensi moja, na sikuwa na nia ya kuanza. Lakini ile habari ya wiki iliyopita kuhusu mashine za kulipia "zinazowaibia" wateja kwa kutoza kodi bidhaa moja moja badala ya kuitoza jumla imenikaa kooni. Mwandishi wenu alishika risiti, akaona senti chache zimezidi, akapiga mbiu. Halafu mkamleta mtaalamu akatuambia kwamba njia zote mbili hutoa jibu lilelile, hivyo hakuna cha kujadili. Wote wawili wamepotoka, na mimi ndiye niliyewahi kuitwa mwizi kwa sababu hiyohiyo.

Huyo mtaalamu anasema kweli ya darasani. Asilimia 10 ya kila kitu, ukizijumlisha, ni sawa kabisa na asilimia 10 ya jumla yake. Ila hakuna mtu anayelipa nusu senti. Mahali fulani lazima sehemu ya senti ikadiriwe, ipande au ishuke hadi senti kamili. Ukikadiria mara moja pale chini, hutakosea zaidi ya nusu senti, basi. Ukikadiria kwenye kila mstari, kila mstari unaweza kukosea kwa nusu senti, na makosa hayo yakielekea upande mmoja yanarundikana. Ugomvi wote umelala hapo. Kodi yenyewe haina hatia.

Nilikuwa karani wa hesabu. Ikaja ankara ya vipuri 20 vya namna mbalimbali, kila kimoja kwenye mstari wake, na vyote kwa bahati mbaya vilikuwa na bei moja ya 1.05. Kodi ilikuwa asilimia 10. Kodi ya kipuri kimoja ni 0.105, na mashine ya muuzaji ikaipandisha kuwa 0.11. Mara 20 ni 2.20, kwa hiyo ankara ikasema 23.20. Bosi wangu, mtu wa kikokotoo cha mezani, akajumlisha bei akapata 21.00, akaongeza asilimia 10, akapata 23.10. Akaniita. Senti kumi ziko wapi? Nikamweleza. Hakutaka maelezo, alitaka senti kumi. Nikairudisha ankara kwa muuzaji, naye akatuma nyingine aliyoitengeneza kwenye lahajedwali, na hiyo ndiyo iliyoniua: kila mstari ulionyesha kodi ya 0.11, lakini chini ya safu paliandikwa 2.10! Lahajedwali lilikuwa limepangwa kuonyesha nafasi mbili za desimali tu, huku ndani ya seli likiendelea kubeba 0.105 nzima. Macho yanaona 0.11 mara ishirini, mashine inajumlisha 0.105 mara ishirini. Jumla ikawa ile aliyoitaka bosi, lakini sasa mkaguzi akaikataa kwa sababu safu haijumlishiki. Nikaitwa tena. Na muuzaji, kwa hasira, akasema mashine yake mpya ingetoa jibu jingine kabisa, kwa sababu inapokuta nusu kamili hukadiria kuelekea tarakimu shufwa: 0.105 inakuwa 0.10, na kodi yote 2.00. Mhariri, bidhaa zilezile, bei ileile, asilimia ileile, na majibu matatu: 2.20, 2.10 na 2.00. Nani hapo mwizi?

Na msidhani kukadiria kila mstari humpunja mnunuzi siku zote. Bei ingekuwa 1.04, kodi ya mstari ni 0.104, inashuka kuwa 0.10, na vipuri 20 vinatoza 2.00. Kwa jumla ndogo ya 20.80 kodi ni 2.08. Hapo mnunuzi anafaidi senti nane, na sijawahi kuona gazeti likiandika habari ya mteja aliyeiba. Tena "kila mstari" na "kila bidhaa" si kitu kimoja. Vipuri 20 vya aina moja vikiandikwa kwenye mstari mmoja, bei ya mstari ni 21.00 na kodi ni 2.10. Karani akivipitisha kimoja kimoja, vinakuwa mistari 20, na 2.20 imerudi. Mwandishi wenu alihesabu bidhaa bila kuangalia mistari.

Mnaweza kuuliza kwa nini basi tusikadirie pale chini tu, tukalale. Hiyo ndiyo njia niipendayo, lakini ina mipaka yake. Bili ikiwa na bidhaa za viwango tofauti vya kodi, huwezi kuipiga jumla yote asilimia moja. Unatenga kila kiwango na jumla yake ndogo, unakokotoa kodi na kuikadiria mara moja kwa kila kundi, ndipo unajumlisha. Na mteja akirudisha kipuri kimoja kati ya vile 20, unamrudishia kodi gani? Ukimpa 0.11 kwa kila anachorudisha, akivirudisha vyote kwa safari ishirini utakuwa umemlipa 2.20 kwa kodi ya 2.10 uliyopokea. Lazima ukumbuke ulichokwisha kurudisha. Anayekadiria kwa mstari, kila kipuri kikiwa kwenye mstari wake, hana shida hiyo, maana kila mstari una kodi yake imeandikwa.

Jambo hili hata mahakama limefika. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya kampuni ya maduka ya Uholanzi iliyotaka kushusha sehemu za senti kwa kila bidhaa. Majaji walisema sheria ya Umoja wa Ulaya haina kanuni mahsusi ya kukadiria, nchi zijipangie zenyewe bila kuvunja misingi ya kodi ya ongezeko la thamani. Kama majaji hawakuona njia moja iliyo takatifu, mwandishi wenu ameionea wapi?

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na hili: hizo karatasi za risiti zinazofifia. Unaiweka kwenye droo, miezi michache baadaye unaitoa uthibitishe hesabu, unakuta karatasi nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Tunagombania nusu senti kwenye ushahidi unaoyeyuka, na hilo hamjaliandika hata siku moja.

Suluhisho la ugomvi wa nusu senti ninalo. Anayetumia lahajedwali na kutaka kodi ya kila mstari akadirie ndani ya seli yenyewe, asiipambe kwa nje tu. Bei ikiwa kwenye seli B2, aandike:

```
=ROUND(B2*10%,2)
```

Hapo kinachoonekana ndicho kinachojumlishwa, na mkaguzi atanyamaza. Na kila bili ichapwe mstari mmoja chini: "Kodi imekadiriwa kwa kila mstari" au "Kodi imekadiriwa mara moja kwa kila kiwango", pamoja na neno moja kuhusu nusu kamili inaelekea wapi. Herufi zisiwe ndogo kuliko zile za "Asante, karibu tena". Mwandishi wenu naye apewe ankara ya mistari 20, kalamu ya risasi na bosi wangu wa zamani, kwa alasiri moja.

Wenu,
Karani wa hesabu mstaafu